Sindano moja kabla ya kisu, halafu basi? Mke wangu amejifungua kwa operesheni na karudi nyumbani bila antibayotiki

Baba Nasra (Jumanne, saa 2:15 usiku)

Wakuu salaam. Mke wangu alijifungua kwa operesheni Jumamosi, mtoto wa kike, wote wazima. Leo wameruhusiwa. Kilichonileta hapa ni hiki: kwenye dawa tulizopewa kuna parasetamoli, diklofenaki na vidonge vya kuongeza damu. Antibayotiki hamna, hata kidonge kimoja. Nilipomuuliza daktari alinijibu "alishapata sindano yake kabla ya kuchanwa", akaenda zake kwa mgonjwa mwingine.

Dada yangu alifanyiwa operesheni kama hii mwaka 2017, hospitali nyingine. Alichomwa sindano siku tatu na akarudi na vidonge vya siku saba. Mama mkwe yupo hapa na anasema tumebaniwa dawa kwa sababu tunatumia bima. Ameshatoa hela ya Ampiklozi na metro, anataka kumtuma mtoto dukani. Nimemwomba asubiri mpaka kesho.

Kabla hatujatoka nilipiga picha ukurasa mmoja wa faili. Nimegeuza kwa saa zetu: sefazolini gramu 2 mshipani saa 4:10 asubuhi. Kuanza kuchana 4:35. Mtoto katoka 4:41. Kumaliza kushona 5:20. Damu iliyopotea mililita 500. Baada ya hapo hakuna antibayotiki yoyote iliyoandikwa.

Inatosha kweli?

Mzee wa Kilwa (saa 2:31 usiku)

Hongera kwa binti. Mama mkwe usibishane naye, nunua dawa. Shilingi elfu chache haziwezi kulinganishwa na kidonda kuoza.

Tabibu wa Pembezoni (saa 2:50 usiku)

Mimi ni afisa tabibu, nimefanya kazi wilayani miaka mingi na nimeshika kisu mara nyingi. Ni kweli dozi ya kabla ya kuchana ndiyo ya msingi. Lakini hayo mambo ya dozi moja ni ya Ulaya, kwenye thiata zenye hewa iliyochujwa na wodi ambayo mgonjwa analala peke yake. Kwetu wodi ina vitanda 20 na akina mama 32, mashuka yanatoka nyumbani, ndugu wanaingia na ndala za shambani. Mimi huwa naanza usiku wa kuamkia operesheni ili dawa ijae mwilini mapema, halafu naendelea sindano siku mbili na vidonge siku tano hadi saba. Hizo siku za baada ya operesheni ni za kuziba mapengo ya mazingira.

Ndugu mleta mada, hawajakosea sana, ila mimi ningempa.

Sista wa Usingizi (saa 3:20 usiku)

Baba Nasra, hongera. Mimi ndiye yule anayekaa kichwani kwa mgonjwa, na sindano hiyo unayoiuliza ni mimi huwa naichoma. Ngoja nikusomee ukurasa wako.

Saa 4:10 dawa imeingia mshipani. Ndani ya dakika chache sefazolini inakuwa imeshafika kwenye ngozi na mafuta ya chini ya ngozi. Saa 4:35 kisu kimepita, na hapo ndipo mlango umefunguka. Bakteria wanaokuja kutungisha usaha kwenye mshono wengi wao wanatoka kwa mgonjwa mwenyewe, wale wa kwenye ngozi yake, na kwa mama mzazi wanaongezeka wa ukeni, wanaopanda chupa ya uzazi ikishapasuka. Wanaingia wakati kidonda kiko wazi. Saa 5:20 mlango umefungwa. Tangu dawa iingie mpaka uzi wa mwisho ni dakika 70, na dawa hii inahitaji kama saa mbili hivi ili ipungue nusu. Kwa hiyo muda wote ambao mke wako alikuwa wazi, zaidi ya nusu ya dawa ilikuwa bado ipo. Kazi iliyotakiwa imefanyika, ikaisha saa 5:20.

Ningekuwa na wasiwasi kama operesheni ingezidi saa nne, au damu ingepotea zaidi ya lita moja na nusu. Hapo tunarudia dozi tukiwa bado ndani ya thiata, maana dawa imepungua au imemwagika na damu. Mililita 500 kwa operesheni ya uzazi ni kawaida kabisa.

Tabibu, kwako narudi baadaye, kuna simu ya dharura.

Baba Nasra (saa 3:34 usiku)

Sista asante sana. Lakini dakika 25 si chache? Tabibu anasema yeye anaanza tangu usiku.

Mama Wawili (saa 3:41 usiku)

Mimi naomba niseme yangu. Mtoto wa pili nilichanwa, nikapewa kila kitu, sindano asubuhi na jioni siku tatu, vidonge siku saba sikuruka hata kimoja. Siku ya nane mshono ukaanza kuuma upya, wekundu ukasambaa, usiku ukatoa maji yenye harufu. Nikarudi, wakafungua sehemu ya mshono, usaha ukatoka. Nikasafishwa kidonda wiki tatu. Sasa mtu akiniambia dozi ndefu inalinda nashindwa kumwelewa, na akiniambia sindano moja inalinda nashindwa kumwelewa pia.

Sista wa Usingizi (saa 4:55 usiku)

Nimerudi. Mama Wawili pole sana, na swali lako ndilo lenyewe.

Mwaka 1961 daktari mpasuaji wa Marekani, John Burke, alichukua simbilisi, wale wanyama wadogo wa maabara, akawadunga stafilokokasi kwenye ngozi. Akawapa penisilini kwa nyakati tofauti. Waliopata kabla ya bakteria au wakati uleule, uvimbe ulikuwa mdogo kabisa. Kadiri alivyochelewa ndivyo dawa ilivyopoteza nguvu, na alipofikisha saa tatu baada ya bakteria, uvimbe ulikuwa sawasawa na wa wale ambao hawakupata dawa kabisa. Dawa ileile, bakteria walewale. Kilichobadilika ni saa tu.

Maana yake kwetu ni kwamba bakteria akishaingia na kujificha, kwenye bonge la damu iliyoganda chini ya mshono au kwenye uzi wenyewe, mishipa haifiki pale vizuri. Vidonge vya siku ya tatu vinazunguka mwili mzima na kugusa kingo za pale mahali tu. Ndiyo maana Mama Wawili alimeza zote na bado. Pengine sindano yake ya kwanza ilichelewa, pengine damu ilijikusanya chini ya mshono, siwezi kujua bila faili. Dozi moja nayo haifuti hatari yote. Inaishusha hadi pale inapoweza kushuka, na vidonge vya baadaye haviiongezei mteremko.

Sasa Tabibu, kuhusu kuanza usiku. Hili naomba uliache kesho asubuhi. Kama ni sefazolini ya saa 4 usiku, saa 4 asubuhi ni saa 12 zimepita. Nusu ya nusu ya nusu, mara sita. Kisu kinakuta mwili mtupu. Mwaka 1992 watu wa Solt Leki Siti, jimbo la Yuta, walichapisha hesabu ya wagonjwa 2,847. Waliopata dawa ndani ya saa mbili kabla ya kuchanwa, waliopata maambukizi ni asilimia 0.6. Waliopata mapema zaidi ya hapo, asilimia 3.8. Waliopata baada ya saa tatu tangu kuchanwa, asilimia 3.3. Kuwahi sana na kuchelewa sana vilitoka karibu sawa kwa ubaya.

Na Baba Nasra, dakika 25 si chache. Waswisi walilijaribu hilo kwa wagonjwa zaidi ya 5,000, nusu wakachomwa wastani wa dakika 42 kabla, nusu dakika 16. Maambukizi yalikuwa asilimia 5 pande zote mbili. Ndani ya saa moja ya mwisho usihesabu dakika. Hesabu kama imeingia yote kabla ya kisu.

Kijana wa Mbagala (saa 5:08 usiku)

Kumbe! Mimi nina jipu pajani, lilikamuliwa juzi, kuna wekundu mpaka gotini na homa, nimepewa sindano siku tano. Leo ni ya pili. Kwa mujibu wa huu uzi naacha, moja inatosha. Asanteni mmeniokolea hela.

Dawa Chungu (saa 5:12 usiku)

WEWE USIACHE. Rudi kachomwe kesho.

Mimi ni mfamasia. Tunachozungumza hapa ni dawa ya kuzuia kwa mtu ambaye hana maambukizi. Wewe unayo tayari, yameshasambaa na una homa. Hiyo ni tiba, na tiba ina siku zake. Ni kama mtu aliyefunga mlango kabla mwizi hajaja, na mwingine ambaye mwizi yuko sebuleni.

Kijana wa Mbagala (saa 5:15 usiku)

Sawa mkuu, usinipigie kelele. Narudi kesho.

Mkunga Mstaafu (Jumatano, saa 12:20 asubuhi)

Wanangu shikamooni wakubwa, marahaba wadogo. Nimestaafu lakini nasoma.

Zamani zetu antibayotiki kwa mama wa operesheni ilikuwa inatolewa baada ya kitovu kubanwa na kukatwa. Tulifundishwa hivyo kwa kumhofia mtoto asipate dawa kupitia kondo. Mtu wa usingizi alishika bomba mkononi akisubiri kusikia mtoto analia. Kwa hiyo dozi ya kwanza ilikuta tumbo limeshafunguliwa, na nadhani ndiyo sababu watu walizoea kuongeza siku za mbele, ili kufidia. Baadaye tukaambiwa ichomwe kabla ya kuchana, kwamba akina mama wanaopata maambukizi wanapungua na watoto hawaonyeshi madhara. Utaratibu wa kwanza ukabadilika. Ule mkia wa siku saba ukabaki, na hakuna aliyekumbuka ulikuwa unafidia kitu gani.

Hayo ni mawazo yangu mimi. Wasomi wanisahihishe.

Tabibu wa Pembezoni (saa 1:05 asubuhi)

Sista, la usiku nimekuelewa, na nakubali nimekuwa nikikosea. Nilifundishwa hivyo na aliyenifundisha. La mazingira bado sijajibiwa. Yuta na Uswisi si Sikonge.

Sista wa Usingizi (saa 1:40 asubuhi)

Haya, twende Mwanza basi. Bugando waligawa akina mama 500 wa operesheni ya uzazi kwa kura, 250 kwa 250. Kundi moja likapata dozi moja tu ya jentamaisini na metronidazoli kabla ya kisu, kundi la pili likaendelea kuchomwa kwa saa 24. Majibu yalichapishwa 2013. Waliopata maambukizi kwenye kundi la dozi moja ni asilimia 4.8, kwenye dozi nyingi asilimia 6.4. Tofauti hiyo ni ndogo, haina uzito wa kitakwimu, kwa hiyo simwambii mtu kuwa dozi moja ni bora. Nasema nyingi hazikuongeza kitu. Na Bugando unaijua, wodi ya wazazi haijawahi kuwa hoteli.

Kuna jingine dogo lililofanywa Ndala, Tabora, jirani zako kabisa. Hospitali ya vijijini, akina mama chini ya 200, dozi moja ikishindanishwa na dawa za siku kadhaa. Dozi moja haikuwa mbaya zaidi.

Halafu fikiria jambo hili kwa akili ya kawaida. Unasema mashuka machafu. Mshono uliofungwa vizuri unajiziba juu ndani ya siku moja au mbili, shuka halipenyi. Kama shida ni uchafu wa wodi, tiba yake ni bandeji safi isiyofunguliwafunguliwa hizo siku mbili na mikono inayooshwa. Na kama shida ni thiata, vyombo havikuchemka ipasavyo, kidonge cha Jumatano hakisafishi koleo la Jumamosi. Na tusinyoe kwa wembe jioni ya kabla ya operesheni, bado naona watu wanafanya. Ule mkwaruzo ni shamba la bakteria.

Tabibu wa Pembezoni (saa 2:10 asubuhi)

Ndala naifahamu. Sawa.

Basi nikuambie ukweli ambao hauandikwi kwenye makaratasi. Mama akipata usaha na faili linaonyesha sindano moja, ndugu watasema "hakupewa dawa". Mganga mkuu atauliza "kwa nini hukumpa?" Akipata usaha akiwa na vidonge vya siku saba, watasema "bahati mbaya". Vidonge vile ni vya kumlinda mgonjwa kidogo na kunilinda mimi sana.

Dawa Chungu (saa 2:25 asubuhi)

Hili ndilo jambo la kwanza la kweli kwenye uzi huu, na nakuheshimu kwa kulisema.

Mimi dirishani naona upande wa pili. Cheti cha "amoksilini na metro siku saba" kinakuja kwa kila aliyechanwa: ngiri, uvimbe wa mafuta, tohara, operesheni ya uzazi. Wengi wananunua za siku mbili, na hata hizo wanazibakiza. Zilizobaki anapewa mtoto akikohoa. Na nyingine inarudi kuwa hasara kwa mgonjwa mwenyewe. Wamarekani walipitia mafaili ya wagonjwa 79,058 wa hospitali za maveterani wao, wakachapisha 2019. Siku zilivyoongezeka, maambukizi ya kidonda hayakupungua. Kilichoongezeka ni figo kuumia na ule mharisho mbaya wa bakteria wa klostridia. Waliovuka saa 72 hatari ya mharisho ilikuwa zaidi ya mara tatu ukilinganisha na waliosimamishwa ndani ya saa 24. Wale ni wanaume wazee wengi wao, sikatai, mama mzazi ni mtu mwingine. Lakini mwelekeo ni huo.

Na Shirika la Afya Duniani tangu 2016 limesema wazi: usiendeleze dawa ya kuzuia baada ya operesheni kwisha. Kwa hiyo Tabibu, hiyo karatasi bandika ukutani. Mganga mkuu akikuuliza mwonyeshe.

Mwana wa Thika (saa 3:02 asubuhi)

Jambo kutoka Kenya. Hiyo hofu ya Tabibu tuliiona. Hospitali ya Thika waliandika sera yao wenyewe, ikaanza Februari 2011. Kabla yake karibu kila dawa ya kuzuia ilikuwa inatolewa baada ya operesheni, kabla ya kisu ilikuwa nadra sana. Wiki moja baada ya sera ikafika asilimia 60, wiki ya sita asilimia 98. Wakaandika matokeo 2013. Sera ilikuwa ya hospitali nzima, kwa hiyo daktari mdogo hakuwa peke yake akiulizwa.

Mzee wa Kilwa (saa 3:15 asubuhi)

Kwa hiyo nilivyomwambia anunue nilikosea?

Sista wa Usingizi (saa 3:22 asubuhi)

Mzee wangu, ndiyo, kwa upole.

Fundi Umeme Tanga (saa 4:40 asubuhi)

Mimi nilivunjika mguu kwa bodaboda, mfupa haukutoka nje, nikawekewa chuma. Walinichoma siku kumi. Chuma si kitu kigeni mwilini? Au na mimi ningepata moja tu?

Sista wa Usingizi (saa 6:05 mchana)

Chuma kinaleta woga zaidi kwa sababu bakteria wakikishika hawatoki kirahisi. Lakini msingi ni uleule, wanakishika siku kinapowekwa. Kwa mfupa ambao haukutoboa ngozi hakuna faida iliyoonekana ya siku kumi. Mfupa uliotoboa ngozi ni habari tofauti, pale uchafu wa barabarani umeshaingia kabla hujafika kwetu.

Kitu ambacho kinaharibu kwa miguu ni ule mpira tunaoufunga pajani kuzuia damu. Nimeona zaidi ya mara moja: mpira umeshapandishwa presha, halafu mtu anakumbuka antibayotiki. Unachoma mkononi, dawa inazunguka kila mahali isipokuwa kwenye mguu unaochanwa. Kwenye karatasi inaonekana dozi imetolewa "kabla ya kuchana". Ndiyo maana mimi siamini karatasi inayosema "imetolewa" bila saa.

Na kisa kingine cha saa. Mama mmoja wa operesheni ya kupangwa alichomwa wodini saa 12 asubuhi, "ili awe tayari". Ikaingia dharura ya mimba iliyotunga nje ya kizazi, yeye akasogezwa. Akaingia thiata saa 6 mchana. Faili lina tiki. Kama nisingesoma saa tungemchana na dawa ya saa sita zilizopita. Nilirudia dozi, mpasuaji akanung'unika kwamba naharibu dawa. Tangu siku hiyo kwetu wodi haichomi. Inachomwa mezani, wakati mgonjwa anafungwa mashine ya presha, na kabla ya kisu msimamizi anauliza kwa sauti: dawa imeingia saa ngapi?

Tabibu wa Pembezoni (saa 7:30 mchana)

Swali la mwisho kutoka kwangu, na hili si la ubishi. Mama yuko uchungu saa 30, chupa imepasuka jana, amepimwa njia mara nane, ana homa nyuzi 38.5, maji yananuka. Namchana usiku. Huyu naye moja?

Sista wa Usingizi (saa 8:10 mchana)

Huyu hapana. Huyu ana maambukizi ya kizazi tayari, yuko kwenye kundi la yule kijana wa jipu. Anatibiwa. Vivyo hivyo kidole tumbo kilichopasuka na tumbo lina usaha. Na bado, hata kwenye tiba, homa ikishakata na akianza kula hatuna sababu ya kumburuza wiki mbili.

Ila kati ya huyo na mke wa Baba Nasra kuna mama wa tatu: uchungu mrefu, chupa imepasuka, lakini hana homa wala harufu. Kwake Wamarekani walijaribu kuongeza azithromaisini miligramu 500 mshipani juu ya dawa ya kawaida, kabla ya kisu. Maambukizi yakashuka kutoka asilimia 12 hadi 6.1, matokeo yalitoka 2016. Angalia walichoongeza ni dawa ya pili kwa wakati uleule. Siku hazikuongezwa.

Dawa Chungu (saa 8:45 mchana)

Sista usimalize bila kusema la Sinsinati.

Sista wa Usingizi (saa 9:20 alasiri)

Nilijua utalileta.

Ni kweli, lipo jaribio moja linaloenda kinyume. Akina mama 403 wanene, hospitali moja ya Sinsinati, 2017. Wote walipata dozi ya kabla ya kisu. Nusu wakaongezewa vidonge vya sefaleksini na metronidazoli saa 48, nusu vidonge bandia. Maambukizi ya mshono asilimia 6.4 dhidi ya 15.4. Hiyo si tofauti ya kupuuza. Faida ilionekana zaidi kwa waliopasuka chupa kabla. Wengine wanasema azithromaisini ingewafaa walewale bila vidonge, wengine wanasema asilimia 15 yenyewe ni kubwa mno kwa hiyo kuna kitu kingine pale. Mimi kwa mama mnene sana aliyepasuka chupa sina jibu la kukupigia meza. Kwetu mpasuaji mmoja anawapa hizo saa 48, mwingine hawapi, na wote wawili nawaheshimu.

Dawa Chungu (saa 9:31 alasiri)

Mimi ningewapa. Saa 48 zenye jaribio nyuma yake, siku saba zenye mazoea nyuma yake, hizo ni dunia mbili.

Mkunga Mstaafu (saa 10:02 alasiri)

Baba Nasra, umesomewa mengi. Mwenzako ni mnene? Chupa ilikuwa imepasuka?

Baba Nasra (saa 1:15 usiku)

Hapana mama, kilo 64, na ilikuwa ya kupangwa kwa sababu mtoto alikaa matako. Chupa haikuwa imepasuka.

Mama mkwe nimemsomea uzi mzima, nikaruka pale Tabibu aliposema anajilinda, maana angesema "umeona!" Amekubali kusubiri ila hela ya Ampiklozi ameiweka chini ya Kurani, anasema ipo pale pale. Niangalie nini hasa?

Mkunga Mstaafu (saa 1:40 usiku)

Angalia mshono kila asubuhi kwenye mwanga, usiuguse. Maumivu ya kawaida yanapungua siku hadi siku. Yakianza kupanda tena baada ya kupungua, hiyo ni dalili ya kwanza, mara nyingi kati ya siku ya nne na ya kumi. Wekundu unaosambaa mbali na mshono, ngozi kuwa ya moto na ngumu, usaha, harufu, homa, au damu ya uzazi kuanza kunuka na tumbo la chini kuuma. Kimojawapo tu, rudi hospitali, na usianzishe vidonge nyumbani kwanza kwa sababu vinaficha picha bila kutoa usaha. Hatari haiishi siku ya kumi, tunahesabu mpaka siku 30.

Mama Wawili (saa 1:52 usiku)

Nakazia la maumivu kupanda upya. Mimi nilingoja siku mbili nikidhani ni kwa sababu nilinyanyua ndoo.

Baba Nasra (Jumatano iliyofuata, saa 3:05 asubuhi)

Siku ya 11 leo. Mshono mkavu, ulitoa maji meupe kidogo siku ya sita, nikampeleka, wakasema si usaha, wakabandika na kuturudisha bila dawa. Hela ya mama mkwe imetoka chini ya Kurani, amemnunulia mjukuu khanga.

Tabibu wa Pembezoni (saa 3:40 asubuhi)

Tunashukuru Mungu. Sista, nimeanza kuandika saa ya dozi pembeni ya saa ya kuchana kwenye kitabu cha thiata. Wiki hii operesheni tisa. Mbili dawa iliingia baada ya kisu, na zote mbili zilikuwa dharura za usiku, muuguzi mmoja peke yake. Hizo mnazifanyaje huko kwenu?